Matapeli wa "hifadhi ya picha imejaa" wamemkamua mama yangu, na benki inasema alikubali mwenyewe

MjukuuWaPangani

Wakuu, nimekasirika na sitapunguza maneno. Kuna watu kazi yao ni kuwatisha wazazi wetu kwamba picha za familia zinafutwa leo, kisha wanawavua fedha. Safari hii wamemfikia mama yangu.

Mama yuko Tanga, mwalimu mstaafu. Simuni kwake kuna picha za marehemu baba, harusi ya dada, na wajukuu walioko Muscat ambao hajawahi kuwabeba. Akapokea barua pepe yenye mchoro wa wingu la bluu na mstari mwekundu uliojaa pomoni. Ilisema ametumia 49.9 GB kati ya 50, malipo yake yameshindikana, na picha na video zake zote zitaondolewa usiku huohuo. Chini kuna kitufe cha kubonyeza. Jina la mtumaji ni "Cloud Storage", basi, bila kampuni yoyote.

Hapo pa 50 GB ndipo uongo ulipo wazi. Mama hajawahi kulipia hifadhi. Ana akaunti ya bure ya Google, ambayo ni 15 GB kwa picha, barua na mafaili yote kwa pamoja. Nilipofungua programu yenyewe ya picha na kugusa ile duara yenye sura yake pale juu, nikakuta hajafika hata 10. Barua ilikuwa inazungumzia akaunti isiyokuwepo. Nilipogusa jina la mtumaji ili nione anwani kamili, baada ya @ kulikuwa na mchanganyiko wa herufi ambao hata kutamkika hautamkiki.

Lakini yeye angejuaje? Alibonyeza. Ukurasa ukajifanya unakagua akaunti, ukamwambia kama mteja wa siku nyingi anapewa nafasi zaidi kwa dola 1.95, mara moja tu. Namba ya kadi, tarehe ya mwisho, zile tarakimu tatu za nyuma. Benki ikamtumia OTP, akaiandika. Fedha ndogo, akashukuru picha zimepona. Siku chache baadaye ikakatwa karibu laki moja, bila OTP yoyote. Kisha ikakatwa tena.

Kumbe chini kabisa ya ukurasa ule, kwa maandishi ya kijivu yasiyosomeka, waliandika kwamba kwa kulipa unajiunga na huduma ya kila mwezi. Huduma gani? Programu ya kulinda kompyuta. Mama hana kompyuta!

Nimekwenda benki naye. Jibu: "Mteja aliidhinisha kwa OTP." Mama akatoka pale kainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye mwizi. Hilo ndilo lililonichoma kuliko fedha.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Nitakataje haya makato yanayojirudia? Je, hawa watu wanaweza kuzifikia picha zake? Na nishitaki wapi?

Ngalawa_77

Pole sana mkuu, mpe mama pole pia. Dawa ni kuiangalia linki kabla ya kubonyeza. Ishikilie kwa kidole mpaka anwani itokee. Ukiona ina neno google, hiyo ni halali, usiogope. Isipokuwa nalo, ni tapeli. Na hiyo barua isambaze kwenda 15040, TCRA watawashughulikia.

FundiMitambo

Ngalawa, kushikilia linki ni sawa, ila hapo pa "ina google ni halali" utawaponza watu. Barua nyingi za aina hii zinaanzia `storage.googleapis.com`. Hiyo kweli ni mashine ya Google, lakini ni ghala la kukodisha: mtu yeyote anafungua akaunti, anaweka ukurasa wake humo, na ukurasa huo unakurusha kwa tapeli. Wanafanya hivyo makusudi ili vichujio vya barua viwapitishe, na ili mtu kama wewe aone jina kubwa atulie.

Na 15040 ni kwa ujumbe mfupi wa simu wa kitapeli. Barua pepe unairipoti ndani ya Gmail, kwenye vidoti vitatu, "Report phishing".

Mimi huwa sikagui linki kabisa. Barua ikisema hifadhi imejaa, naiacha ilipo na kufungua programu ya picha mwenyewe, au naandika `one.google.com/storage` kwa mkono. Kama kweli imejaa, nitaikuta pale, na kama nataka kulipia nitalipia palepale. Wa iPhone aingie kwenye Settings, aguse jina lake juu, kisha iCloud. Kule cha bure ni 5 GB tu, hivyo kujaa ni jambo la kawaida, na ndiyo maana uongo huu unaingia kirahisi.

Mleta mada, kuhusu picha: kama mama alitoa kadi tu na hakuandika pasiwedi ya akaunti, hawajazigusa. Muulize vizuri, maana zipo kurasa zinazoomba vyote viwili. Kuhusu makato: kufunga kadi peke yake wakati mwingine hakutoshi. Waambie benki kwa maandishi kwamba unapinga miamala, taja kila tarehe na kiasi, na waombe wazuie malipo ya kujirudia ya mfanyabiashara huyo. OTP aliiweka kwa dola 1.95. Hayo makato yaliyofuata hakuwekea OTP, na hapo ndipo pa kuwabana.

MamaSalma

Na mimi simu yangu kila siku inaandika nafasi imejaa, hata WhatsApp haipokei picha. Kijana mmoja akaniambia picha zipo mtandaoni kwa hiyo nizifute kwenye simu. Nimeanza kufuta tangu jana usiku, nimefika za 2019. Hao nao ni matapeli?

FundiMitambo

Mama Salma, acha kufuta kwanza!

Yako si utapeli, ni kumbukumbu ya simu yenyewe iliyojaa. Hiyo na hifadhi ya mtandaoni ni vitu viwili mbalimbali. Lakini kama unafutia ndani ya Google Photos kwa alama ya pipa, unafuta simuni na mtandaoni kwa pamoja. Ingia sasa hivi kwenye "Trash". Picha iliyokuwa imeshahifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, ambayo haikuhifadhiwa siku 30. Rudisha zote. Ukitaka kupunguza za kwenye simu pekee, tumia "Free up space", hiyo huondoa simuni zile ambazo nakala yake iko mtandaoni tayari.

MamaSalma

Nimezikuta. Alhamdulillah. Zinarudi taratibu.

Mbishi wa Mtaa

Nitasema ukweli. Mtu mzima wa miaka hiyo kadi ya kununulia mtandaoni ya nini? Mnawapa wazazi vitu wasivyoviweza halafu mnakuja kulia huku.

MjukuuWaPangani

Mbishi, mama yangu amefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika maisha yake yote. Ile kadi ndiyo anayopokelea pensheni. Haikuwa ya kununulia chochote, benki ndiyo iliyomfungulia malipo ya mtandaoni bila kumuuliza. Kosa ni la mwizi. Usimrushie mawe aliyeibiwa.

BintiMuscat

Shangazi yangu huku aliandika pasiwedi, si kadi. Ukurasa ulifanana kabisa na wa kuingilia, mpaka anwani yake ya barua ilikuwa imeshajazwa. Ulimwomba na namba ya kuthibitisha iliyokuja kwa simu, akaitoa. Tukabadilisha pasiwedi usiku uleule. Lakini wiki ya pili jamaa wakaanza kupokea barua kutoka kwake, anaomba atumiwe fedha za matibabu. Mpaka leo sielewi waliingiaje tena.

FundiMitambo

Dada, inawezekana hawakuingia tena, ila hawakutoka. Fungueni Gmail kwenye kompyuta, upande wa mipangilio, muangalie sehemu mbili: "Filters" na "Forwarding". Tapeli huweka amri kwamba kila barua inayoingia nakala iende kwake, au majibu ya jamaa yatupwe pipani asiyaone shangazi. Kubadilisha pasiwedi hakufuti amri hizo. Kisha `myaccount.google.com`, kwenye Security, mtoe kila kifaa msichokitambua na mhakikishe namba ya simu na barua ya kurejesha akaunti ni zake. Kama yote hayo ni safi, basi huenda walinakili orodha ya majina na kutuma kutoka anwani inayofanana na yake. Linganisheni herufi kwa herufi.

Nijibu na hofu ya "zinafutwa leo". Hifadhi ya Google ikijaa kweli, picha mpya hazipandi na barua haziingii wala kutoka. Za zamani zinabaki. Sera yao inasema akaunti iliyozidi kiwango kwa miaka 2 ndiyo maudhui yake yanaweza kuondolewa, na unajulishwa angalau miezi mitatu kabla. Kuna na jambo la akaunti kutotumika kabisa kwa miaka 2, hilo ni la kuangalia kwa wazee wenye simu mbili. Lakini kufutiwa usiku wa leo kwa sababu imejaa, hakuna.

Ngalawa_77

Nimeelimika kuhusu hiyo googleapis. Ila fundi, mbona zamani hawa walikuwa hawapo? Picha zilikuwa bure bila kikomo.

FundiMitambo

Zilikuwa bure kwa ubora uliopunguzwa. Tangu 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa ndani ya zile 15 GB. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini tangu hapo mtu yeyote ana haki ya kuamini amejaza.

MjukuuWaPangani

Ahsanteni. Nimemuuliza mama, pasiwedi hakuandika. Vifaa vyote kwenye akaunti ni vyake. Nimeomba picha zake zote kupitia `takeout.google.com`, nikachagua Google Photos pekee ili nisipakue na takataka nyingine. Zimekuja kwa vifurushi vya 2 GB, na linki yake hudumu kama wiki moja, kwa hiyo atakayefanya asilale. Nimeziweka kwenye diski inayobaki nyumbani.

Benki wamepokea barua ya kupinga miamala, wamegonga muhuri, wamezima malipo ya mtandaoni kwenye kadi mpya. Kuhusu fedha wanasema "inashughulikiwa". Polisi nimefungua taarifa, nikawaonyesha barua na ukurasa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na afisa aliandika maelezo vizuri, lakini aliponiuliza mtuhumiwa yuko nchi gani sikuwa na jibu.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa fedha na benki kwa makato ya namna hii hapa nchini, aseme alitumia hoja gani. Nakwenda tena Jumatatu, na safari hii siondoki dirishani bila kumwona meneja.