Naombeni ushauri: barua ya ofa iwe wazi bila kumkaukia mtu

Karani_Mpole: Wakuu, naandika upya barua ya ofa ya mtu tunayemwajiri. Bosi anataka mshahara, majaribio na masharti ya kuanza yaeleweke, ila isisomeke kama hati ya mashtaka. Inaanza "Karibu kwenye familia yetu", na mshahara ni "kama tulivyozungumza". Nisaidieni maneno matamu.

Kijiwe: Nikisikia "familia" kazini najua mshahara utachelewa.

Faili_Kuukuu: Mlizungumza nini hasa? Kabla ya makato au mkononi?

Karani_Mpole: Bosi alitaja kiasi kwa simu, basi.

Faili_Kuukuu: Sijajibiwa.

Karani_Mpole: Sawa. Bosi alimaanisha kabla ya makato, jamaa kaelewa mkononi. Nilipanga tumweleze siku ya kwanza, akishazoea. Kazini kwake ameshatoa notisi ya kuacha.

Mama_Subira: Uwiii. Mimi barua ilisema majaribio miezi 3. Ikapita, kimya. Mwezi wa 7 naambiwa bado sijathibitishwa.

Mjuaji: Aliye kwenye majaribio anaondolewa wakati wowote bila notisi. Andika hivyo, yaishe.

Faili_Kuukuu: Inategemea sheria ya mahali. Kwingi notisi ipo, fupi tu, kwa hiyo itaje ni siku ngapi. Karani, mpigie simu kabla ya kutuma chochote. Kisha karibisho liguse jambo lake mwenyewe: "Ulivyotueleza namna ulivyopanga upya stoo, tulijua ni wewe." Halafu shuka kwenye mambo yenyewe:

"Mshahara wako ni [kiasi] kwa mwezi, kabla ya kukatwa kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Miezi 3 ya kwanza ni ya majaribio. Mwisho wa mwezi wa pili msimamizi wako atakaa nawe mpitie kazi, na kabla ya wa tatu kuisha utapata jibu kwa maandishi. Ofa hii inategemea uhakiki wa vyeti na majibu ya wadhamini. Tafadhali usiache kazi uliyonayo mpaka tukuandikie kuwa vyote vimekamilika."

Mtu akisoma hiyo ya mwisho anajua mnamjali.

Karani_Mpole: Hiyo imeshachelewa. Na akiona "kabla ya kukatwa" atakimbia. "Kama tulivyozungumza" si uongo.

Faili_Kuukuu: Atakimbia mwisho wa mwezi akiona kilichoingia benki.

Shahidi: Ngojeni. Karani anajuaje jamaa alichoelewa? Huyu ndiye mwajiriwa, anatupima.

Karani_Mpole: Aliniuliza kwenye ujumbe, "hiyo ya mkononi huwa inaingia tarehe ngapi?"

Kijiwe: Weka picha ya ujumbe.

Karani_Mpole: Siweki siri za watu.

Faili_Kuukuu: Awe nani, barua ni ile ile. Kama ndiye mwajiriwa, aombe neno "kabla" au "baada" liandikwe kabla hajasaini.

Mama_Subira: Karani, wewe mwenyewe umeshathibitishwa hapo?

Karani_Mpole: Bado. Ndiyo maana simbishii bosi.