Faili la mauzo limekatika mwishoni, programu ikalipokea kama lilivyo. Nifanyeje?

Mama_Hesabu: Wakuu, naomba msaada. Niko Kariakoo, ofisi ya muuzaji wa jumla. Kila usiku kompyuta inapakua CSV ya mauzo kutoka seva ya mtoa huduma, kisha pandas inaiingiza kwenye hifadhidata. Jana wakala wa Temeke kalalamika. Mstari wa mwisho ulisomeka hivi:

```
2025-02-28,TMK-0417,Temeke,1850
```

Risiti yake ni 1,850,000. Hakuna kosa lolote lililoonyeshwa. Nimesharekebisha tarakimu kwa mkono. Nizuieje isijirudie?

Kijana_wa_Sinza: Weka `dropna()` dada, mistari mibovu itaondoka.

Fundi_Data: Hiyo ingesaidia kama mstari ungekatikia kwenye "Teme", maana safu ya kiasi ingebaki tupu. Huu umekatikia katikati ya namba. Safu zote nne zipo, na 1850 ni namba halali. pandas haina sababu ya kulalamika.

Dada, usiishie kurekebisha ule mstari. Huo ndio uliouona; iliyokuwa chini yake haipo kabisa. Angalia faili lina baiti ngapi, kisha linganisha na `Content-Length` inayotolewa na seva:

```
curl -sI "$URL"
```

Mzee_Ilala: Mimi Excel inanilia sifuri za mwanzo kwenye namba za simu. Ni tatizo hilihili?

Fundi_Data: Hapana mzee, hiyo ni Excel kugeuza maandishi kuwa namba. Faili lako ni zima.

Mama_Hesabu: Seva inasema 412,806. Langu lina 393,216!

Fundi_Data: Zimepungua baiti 19,590. Mstari wako mzima ni kama baiti 35, kwa hiyo umekosa mistari zaidi ya 500. Skripti inasemaje?

Mama_Hesabu:
```
curl -s -o mauzo.csv "$URL"; python pakia.py
```

Fundi_Data: Ndipo hapo. Muunganisho ukikatika kabla baiti hazijatimia, curl hurudisha kosa namba 18. Ila `-s` inaficha ujumbe, na `;` inaruhusu Python kuendelea hata curl ikishindwa. Andika hivi:

```
curl -sSf -o mauzo.tmp "$URL" &&
mv mauzo.tmp mauzo.csv &&
python pakia.py
```

Faili nusu halitapata jina la `mauzo.csv` hata siku moja.

Kijana_wa_Sinza: Si aangalie tu kama faili linaishia na alama ya mstari mpya?

Fundi_Data: Ni dalili nzuri, ila si ushahidi. Mifumo mingine haiweki alama hiyo hata faili likiwa zima. Na likikatika hasa mwisho wa mstari, alama itakuwepo huku mamia ya mistari yamepotea. Bora mtoa huduma atume pia idadi ya mistari na jumla ya fedha, pakia.py ilinganishe kabla ya kuingiza chochote.

Mama_Hesabu: Nitawaomba leo. Na miezi ya nyuma? Mafaili ya zamani yalishafutwa.

Fundi_Data: Kama wao bado wanayo, pakua upya na ulinganishe jumla za kila siku. Kama hawana, zimebaki risiti za mawakala tu, na sijui wangapi wanazo.