Tenti ya harusi imeangushwa na kusi, kila mtu ana hesabu yake. Niandike ipi?

Mwakilishi Pwani

Assalaam aleikum wakubwa. Naletea redio moja ndogo habari za huku Malindi, nalipwa kwa habari. Jana mchana kwenye chakula cha harusi, uwanja ulio karibu na ufuo, kusi iliinua tenti moja kati ya tatu ikawaangukia wanawake waliokuwa wakila. Alhamdulillahi hakuna aliyekufa. Nilifika kama nusu saa baadaye.

Shida yangu ni hesabu. Babake bwana harusi anasema walioalikwa ni 500. Mwenye kukodisha tenti anasema walikuwa kama mia hivi, na walioumia ni sita, tena mikwaruzo tu. Video inayozunguka imeandikwa "zaidi ya 40 wajeruhiwa". Hospitali wameniambia 14, zahanati ya jirani 9. Nikijumlisha napata 23. Mhariri ataka habari kabla ya taarifa ya saa moja jioni, na ataka sababu. Naweza kusema mwenye tenti alizembea?

Bwana Kusi

Sababu ni upepo, ndugu yangu, unatafuta nini tena? Idara ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari ya upepo wa zaidi ya noti 25 huku Pwani, ambazo ni kama kilomita 46 kwa saa. Andika "tenti iling'olewa na upepo wa noti 25", uende zako ukalale.

Mama Matukio

Mwanangu, usiandike hivyo. Tahadhari ni utabiri wa eneo zima, si kipimo cha pale uwanjani. Unachoweza kusema ni kwamba tahadhari ilikuwa imetoka, siku gani, na kama waandalizi waliipata.

Sasa hizo 23 zako. Uliuliza zahanati ni wangapi kati ya wale 9 walipewa rufaa? Mgonjwa akishonwa kidogo zahanati kisha akapelekwa hospitali, anaandikwa kwenye vitabu viwili, nawe unamhesabu mara mbili. Rudi uulize hilo moja. Usiombe majina, hawatakupa na hawafai kukupa. Omba idadi, saa waliyokupa hiyo idadi, na wangapi wamelazwa. "Walioumia" ni neno pana mno: aliyevunjika mkono na aliyekwaruzwa wanakuwa sawa. Sema wangapi walitibiwa wakaruhusiwa, wangapi wamebaki wodini.

Wageni nao, achana na kadi. Kadi 500 ni za harusi nzima. Wanaume walikula wapi?

Mwakilishi Pwani

Wanaume walikuwa uwanja wa msikiti, mama. Hata sikuifikiria.

Mama Matukio

Basi 500 imekufa. Nenda kwa mpishi, mpishi hadanganyi kwa sababu analipwa kwa sinia. Uliza sinia ngapi zilikuwa zimeshatoka upande wa wanawake tenti ilipoanguka, na walikuwa wakikaa wangapi kwa sinia. Kisha uliza viti vilivyokodiwa. Viti vitakupa kikomo cha juu, sinia zitakupa walioketi kula. Hata hivyo hiyo ni hesabu ya uwanja. Waliokuwa chini ya tenti iliyoanguka ni hesabu nyingine, na hiyo ndiyo msikilizaji anayoitaka.

Na ile video usiitume popote. Wale ni wanawake waliovua buibui wakijua hakuna mwanamume. Piga picha ya tenti tupu.

Mla Mahamri wa Lamu

Pole sana. Mimi mwaka juzi nilikodi tenti huku Lamu, upepo ukawa mbaya, tukahamia ndani ya nyumba ya shangazi. Yule bwana hadi leo hajanirudishia arubuni. Huyo wenu atarudisha? Kuna mtu anajua nianzie wapi, kwa chifu au mahakamani?

Fundi Turubai

Wa Lamu, fungua uzi wako bwana.

Mwakilishi, mimi nimesimamisha tenti miaka mingi. Usiulize "mlizembea?", utajibiwa "hapana" na mahojiano yamekwisha. Angalia vigingi kabla havijakusanywa. Kama vimeng'oka na kamba bado zimefungwa, basi ardhi haikuvishika. Mchanga wa ufuoni haushiki kigingi kifupi, hata ukigonge mpaka kichwa. Kama vigingi vimebaki ardhini na kamba zimekatika, au nguzo zimepinda, hiyo ni hadithi nyingine: vifaa vimechoka au mzigo umezidi.

Pia uliza kuta za turubai zilikuwa upande gani. Kina mama hutaka kuta zote zishushwe ili wasionekane, na ni haki yao. Lakini ukifunga upande wa kaskazini na ukaacha wa kusini wazi, upepo unaingia kama tanga na hauna pa kutokea. Unasukuma paa kutoka ndani. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne, si mbili. Ndiyo maana tenti inasimama vizuri asubuhi nzima kisha inaondoka kwa dakika moja.

Bwana Kusi

Si wangeweka mapipa ya maji tu? Pipa la lita 200 ni kilo 200, haliendi popote.

Fundi Turubai

Likiwa limejaa. Nimeona mengi yamejazwa nusu kwa sababu maji yananunuliwa. Na pipa linaburutwa kwenye mchanga, usidhani. Mwakilishi, yalikuwepo?

Mwakilishi Pwani

Yalikuwa manne kwa tenti nzima. Mawili yamelala, yametoa maji. Vigingi nimeviona viwili, vimeng'oka na kamba zake, virefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Vingine vijana walikuwa wameshavipakia kwenye gari.

Fundi Turubai

Viwili si vyote. Usihukumu kwa viwili.

Bwana Kusi

Haya, nimejirudi. Nimetafuta ripoti ya uwanja wa ndege wa Malindi ya mchana huo:

```
METAR HKML 121100Z 18022G34KT
```

1100Z ongeza saa tatu, ni saa nane mchana. Upepo kutoka kusini, noti 22, ukipiga kwa vishindo vya 34.

Mama Matukio

Hiyo sasa ni kipimo. Sema "uwanja wa ndege ulipima", maana ufuoni huenda ulikuwa mkali zaidi.

Mwakilishi Pwani

Nimerudi. Kati ya 9 wa zahanati, 5 walipelekwa hospitali, na wamo ndani ya wale 14. Kwa hivyo ni 18, watatu wamelazwa. Mpishi anasema sinia 44 zilikuwa zimetoka, wanne au watano kwa kila moja, yaani 176 hadi 220. Viti vilikuwa 250. Chini ya tenti iliyoanguka kila mtu ana lake: mmoja aniambia 60, mwingine 90.

Mwenye tenti amekiri hakuona tahadhari, na hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuamua watu watoke. Kuta zilishushwa tatu, ya kusini ikaachwa wazi kwa ajili ya joto. Kuhusu vigingi anasema "vilikuwa vya kawaida".

Nimeandika: "Watu wasiopungua 18 walitibiwa, watatu wakalazwa, baada ya tenti moja kuanguka kwenye karamu ya harusi iliyokuwa na wanawake wapatao 200." Polisi wana namba ya OB lakini hawajasema chochote.

Mama Matukio

"Wasiopungua" umeiweka vizuri, kuna waliokwenda nyumbani wakajisugua dawa. Ile 60 na 90 iache nje. Na neno la mwenye tenti liweke jinsi alivyolisema.

Mla Mahamri wa Lamu

Na arubuni jamani?