Hela ya kodi imekwama tangu Alhamisi ya kabla ya Pasaka, mama yuko Temeke: nifuatilie wapi na nimwambie nini?

Mwana wa Temeke

Wakuu habari za leo. Niko Leipzig, Ujerumani. Mama yuko Temeke, na tarehe 30 mwezi huu wa Aprili anatakiwa kulipa kodi ya miezi sita, laki mbili na nusu kwa mwezi, jumla 1,500,000. Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, nilimtumia euro 600 benki kwa benki, ilikuwa saa kumi na moja jioni za huku. Leo Jumatano haijaingia. Kwenye apu ya benki yangu panasomeka `ausgeführt`, yaani imeshatekelezwa. Nilimrushia mdogo wangu skrinshoti, akaenda nayo tawini, wakamwambia hawaoni kitu.

Mwenye nyumba ameshaanza kupita pita, na kuna majirani wanamwambia mama kwamba mtoto kamzuga. Naomba mawili: nifuatilie wapi, na nimwambie mama maneno gani ambayo keshokutwa hayatageuka uongo?

Chalii wa Sinza

Mkuu, SWIFT siku hizi ni siku moja, mara nyingine ni saa tu. Ukiona kimya namna hiyo pigia benki yako waifute, hela irudi, halafu itume kwa simu. Mama anapokea akiwa amekaa barazani. Benki unajitafutia presha bure.

Dawati la Nje

Chalii, kwenye spidi uko sawa, kwenye kufuta hapana. Nitafika huko.

Mwana wa Temeke, kwanza tuhesabu siku vizuri. Mfumo ambao benki za Ulaya hulipana euro hufungwa Jumamosi na Jumapili, na pia Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka. Wewe ulituma saa kumi na moja jioni, muda ambao benki nyingi zimeshafunga kupokea maagizo ya kwenda nje kwa siku hiyo. Kwa hiyo agizo lako limeanza kutembea jana Jumanne. Kwa mama ni siku ya sita, kwa benki ni ya pili.

Hiyo `ausgeführt` maana yake benki yako imekata hela na kuitoa mlangoni kwake. Haisemi chochote kuhusu Dar. Ndiyo maana skrinshoti haikumsaidia mdogo wako. Unachotakiwa kuomba benki kwako ni nakala ya ujumbe wa malipo, ambayo kwenye kaunta za Dar wengi bado wanaiita MT103, pamoja na namba ya ufuatiliaji iitwayo UETR. Ni ndefu, ina herufi, tarakimu na vistari, jumla 36. Usiinakili kwa mkono, ibandike kama ilivyo. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kuona kama hela iko kwa benki ya kati, au imeshafika Dar na imezuiwa.

Tawini wanaangalia akaunti ya mama, na hela iliyozuiwa haimo kwenye akaunti. Inakuwa makao makuu, kwenye kitengo cha malipo ya nje. Pia asiende mdogo wako peke yake, kwa sababu mwenye akaunti ni mama na wana haki ya kukataa kumjibu mtu mwingine. Aende mama na kitambulisho, wamwombe ofisa atume ulizo makao makuu kwa ile UETR.

Ukipata hiyo karatasi, jambo la kwanza tazama jina la mpokeaji. Lilinganishe na jina lililopo kwenye akaunti ya mama leo, siyo unalolijua wewe.

Mama Wawili, Tabata

Pole kaka. Ila hizo benki makato yake ni makubwa mno. Mimi ndugu yangu yuko Muskati, anatuma moja kwa moja kwenye simu na makato ni kidogo tu. Tafuta kampuni nyingine, usiwatajirishe hao. Cha kuangalia tu ni usajili wa laini. Ya kwetu iligoma kwa sababu laini anayotumia bibi ilisajiliwa kwa kidole cha mjukuu.

Mwana wa Temeke

Asante da Mama Wawili, ila makato siyo shida yangu leo.

Dawati, karatasi nimepata. Mpokeaji ni Zainab Mkude (majina nimebadilisha). Nimemwuliza mdogo wangu, anasema kadi ya benki ya mama inasoma Zainabu Rashidi Kondo. Mkude ni la marehemu baba. Lakini mbona huko nyuma nimetuma kwa jina hilo hilo na zikaingia?

Dawati la Nje

Basi nadhani mchawi kapatikana. Zamani akaunti ilifunguliwa kwa jina la mume, baadaye mama akaitwa kuhuisha taarifa, akapeleka kitambulisho cha NIDA, jina likabadilishwa lifanane na NIDA. Namba ya akaunti ikabaki ile ile. Kwako jina la zamani likaendelea kukaa kwenye orodha ya wapokeaji. Tofauti ya Zainab na Zainabu kwa kawaida haizuii kitu, maana kila ofisi inaandika inavyotaka. Kondo na Mkude ni watu wawili. Namba imekubali, jina limekataa, kwa hiyo mtu lazima aiangalie kwa macho yake.

Hapo usiombe kufuta. Omba benki yako itume marekebisho ya jina la mpokeaji, kwa UETR ile ile. Wape majina yote matatu kama yalivyo kwenye kadi, namba ya akaunti na tarehe uliyotuma. Yanakwenda kama ujumbe kwenye njia ile ile iliyopita hela, na benki ya Dar ikiyapata inaingiza kwenye akaunti. Benki nyingi zinatoza kwa kazi hiyo, uliza kabla.

Chalii, kufuta siyo kubonyeza kitufe. Hela ikishatoka, benki ya Leipzig inaweza kuomba tu irudishwe. Dar wajibu, benki ya kati ipitishe, kila mmoja akate chake, halafu ndipo Mwana aanze upya. Na mkumbuke tarehe 30 ni Jumatano na Mei Mosi ni Alhamisi, sikukuu huko na huku. Ikipita 30 inasubiri Ijumaa.

Chalii wa Sinza

Sawa nimekubali. Ila basi mtumie mama hata laki mbili na nusu kwa simu leo, mwenye nyumba apate mwezi mmoja atulie.

Dawati la Nje

Hilo zuri, ila hakikisheni jina kwanza, msirudie kosa lile lile kwa njia nyingine. Mama apige `*106#` aone laini yake imesajiliwa kwa nani. Au mdogo wako aanze kumtumia elfu moja kwa M-Pesa, `*150*00#`. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Alinakili, kisha aghairi. Jina hilo ndilo uandike Leipzig, herufi kwa herufi. Kama laini ni ya mjukuu kama ilivyokuwa kwa Mama Wawili, tuma kwa mdogo wako.

Bi Mkubwa wa Kariakoo

Mwanangu, ya benki wamekujibu. Swali lako la pili hawajaligusa.

Usimwambie mama "kesho itaingia". Kesho ikifika bila hela, wale majirani ndio watakaoonekana wakweli. Mwambie kitu anachoweza kukishika: umetuma siku gani, imekwamia wapi, yeye afanye nini, na wewe utampigia lini. Usimtajie shilingi kamili. Umetuma euro, akaunti yake ni ya shilingi, na benki ya huku inabadilisha kwa bei yake ya siku inapoingiza. Mrekodie sauti, asisubiri wa kumsomea. Kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Hela ya kodi nimeituma Alhamisi ile kabla ya Ijumaa Kuu, haijapotea. Huku benki zilifungwa siku nne za Pasaka. Halafu nimeandika jina la baba, na akaunti yako siku hizi ina jina la babu, kwa hiyo wameishikilia mpaka nirekebishe. Marekebisho nimeshayaomba. Kesho asubuhi nenda tawini na kitambulisho cha NIDA, mdogo wangu atakuja na karatasi. Mwenye nyumba mwambie leo anapata mwezi mmoja, iliyobaki ikiingia nitampigia mimi mwenyewe. Ijumaa saa mbili usiku nakupigia, iwe imeingia au haijaingia. Na mama, mtu yeyote akikupigia anasema ulipe kidogo hela yako ifunguliwe, kata simu."

Hayo ya mwisho usiyaache. Kwenye nyumba ya kupanga, ukishasema hela imekwama uani wote unajua, na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawalali. Benki haifungui hela ya mtu kwa kutumiwa elfu thelathini kwenye simu, wala haiulizi namba ya siri.

Dawati la Nje

Bi Mkubwa umenena. Mimi tu hilo la jina ningemwambia mdogo mtu, siyo mama. Akisikia jina la baba limezuia hela ataanza kuwaza mirathi.

Bi Mkubwa wa Kariakoo

Ofisa wa kaunta atalitaja tu akifika pale. Heri alisikie kwa mwanawe.

Mwana wa Temeke

Asanteni sana. Marekebisho nimeomba, wamenikata euro 20 na wanasema siku mbili hadi tatu za kazi, na Jumamosi ni Muungano. Kwa hiyo inaweza kusogea mpaka Jumatatu au Jumanne. Laini ya mama ni yake, jina ni Zainabu Rashidi Kondo, laki mbili na nusu imeshafika. Sauti nimerekodi, jina nimelitaja.

Bado kitu kimoja. Malipo yale nilichagua SHA, makato ya kugawana. Kama benki ya kati imekata, 1,500,000 itatimia?

Dawati la Nje

Mwezi mmoja umeshalipwa, unahitaji 1,250,000 tu, itavuka. Ila iliyokatwa njiani utaijua ikishaingia. Safari nyingine kuna OUR, makato yote kwako. Na hata hiyo, benki ya kupokea nyingine hukata chake. Mama akiwa tawini aulize ya kwake inafanyaje.

Chalii wa Sinza

Na huyo Mkude mfute kwenye apu leo leo, ukituma ya mwezi wa kumi utamgusa tena kwa mazoea.