Mjadala: Kufoka kuliingiaje kwenye bendi za magitaa, kwa madijei au kwa besi?

Swali: Nimekua nikiambiwa roki na kufoka vilikutana mwaka 1986, Run-DMC waliporudia "Walk This Way" pamoja na watu wa Aerosmith. Lakini nikisikiliza Red Hot Chili Peppers, naona besi ndiyo imebeba kila kitu. Nani hasa alifungua mlango?

Mpiga besi, Tanga: Besi. Mtazameni Larry Graham. Alipokuwa kijana alipiga na mama yake, mpiga piano, na ikafika siku hawana mpiga dramu. Akaanza kugonga nyuzi nene kwa dole gumba ili zizibe pengo la ngoma ya mguu, na kuzivuta zile nyembamba kwa kidole zilie kwa ukali mahali pa ngoma ndogo. Akaingia na ufundi huo Sly and the Family Stone, na katika "Thank You" ya mwaka 1969 unausikia waziwazi. Flea, mpiga besi wa Chili Peppers, alitokea humo humo. Albamu yao ya pili, ya mwaka 1985, aliisimamia George Clinton, mzee wa fanki mwenyewe. Besi ikishafanya kazi ya ngoma, anayeshika maikrofoni halazimiki kutafuta melodi. Anaweza kusema maneno yake juu ya mapigo, na ndivyo mwimbaji wao Anthony Kiedis alivyokuwa akifanya mwaka mmoja kabla ya hiyo 1986.

Shabiki, Nairobi: Mnamsahau Mkenya wetu Tom Morello! Rage Against the Machine ndio walioanzisha haya mambo.

Mkusanya santuri, Dar es Salaam: Baba yake ni Mkenya kweli, Ngethe Njoroge, aliyeiwakilisha Kenya Umoja wa Mataifa. Ila albamu yao ya kwanza ni ya 1992, kwa hiyo kuanzisha hapana.

Turudi kwenye "Walk This Way", maana inasimuliwa vibaya kila siku. Aerosmith waliitoa mwaka 1975. Mpiga gitaa wao Joe Perry alikuwa amezama kwenye fanki ya The Meters wa New Orleans, na ile rifu yake, kipande cha gitaa kinachojirudia, inadunda kwa namna ile ile: inakatika, inaacha nafasi, inarudi. Wimbo unaanza kwa dramu peke yake. Madijei wa New York walichukua nakala mbili za santuri, wakawa wanarudisha mwanzo ule tena na tena kabla mwimbaji Steven Tyler hajafungua kinywa, na vijana wakafoka juu yake. Run-DMC walikuwa wakiutumia hivyo miaka mingi. Kuyasema maneno ya Tyler lilikuwa wazo la prodyuza Rick Rubin, nao mwanzoni walilikataa. Wimbo ukafika namba 4 Marekani.

Hivyo madijei walifungua mlango, sawa, lakini ulikuwa mlango wa fanki iliyokuwa imeshajificha ndani ya roki. Na kabla ya hapo, mwaka 1984, Run-DMC walikuwa na "Rock Box", yenye gitaa zito la Eddie Martinez.

Msikilizaji, Lubumbashi: Kwetu mbona ni jambo la zamani? Zaiko Langa Langa walikuwa na atalaku anayepaza sauti juu ya sebene tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mpiga besi, Tanga: Ndugu, hiyo ni njia nyingine. Atalaku anachochea dansi, na magitaa yanaendelea kusema. Hapa tunauliza gitaa lilinyamaza vipi ili maneno ya ubeti mzima yasikike.

Mwanabendi, Arusha: Hapo ndipo tunapokwama sisi. Mfokaji wetu anasikika vizuri mazoezini kwa besi na dramu, lakini gitaa likiingia na distosheni, maneno yote yanazama. Tumeongeza maikrofoni mpaka inapiga kelele.

Fundi wa sauti, Mombasa: Maikrofoni haina kosa. Gitaa lenye distosheni linajaa pale pale kwenye sauti za kati inapokaa sauti ya mtu, na halipumui, kwa sababu kila kodi inaendelea kulia. Mwimbaji anayevuta noti ndefu anaweza kupita juu yake. Mfokaji hawezi, kwani maana yake iko kwenye herufi fupi kama *t* na *k*. Sikiliza "Bullet in the Head" ya Rage: kwenye ubeti besi ya Tim Commerford na dramu ndizo zinatembea, Morello anatoa milio mifupi tu, na uzito wote unasubiri mbele. Punguza distosheni, mpiga gitaa azibe nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kulia, au anyamaze kabisa ubeti mzima. Ukiona mfokaji anaanza kupiga kelele badala ya kufoka, ujue bado gitaa limejaa.

Mwanabendi, Arusha: Mpiga gitaa wetu hatakubali kunyamaza.

Mkusanya santuri, Dar es Salaam: Mwonyesheni Joe Perry anavyoacha nafasi. Ila kwa mpiga besi wa Tanga bado nabisha: Kiedis angefoka bila kusikia santuri za New York? Besi ilimpa nafasi, lakini ule usemaji wenyewe aliutoa wapi?

Mpiga besi, Tanga: Hilo sikatai. Ninachokataa ni kuanzia hadithi mwaka 1986.