Tupeane uzoefu: kutafuta kitu cha marehemu dukani, nilivyozunguka na uzi mmoja wa gitaa la baba

Kijana wa Walukuba (Jinja)

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naanza na kisa changu, kisha naomba kila aliyewahi kutafuta kitu alichokuwa akikitumia marehemu wake asimulie alivyokipata au alivyokikosa.

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Jinja mchana, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi alipiga gitaa katika bendi ya hoteli. Alipofariki mwaka juzi aliniachia gitaa la umeme lenye tumbo wazi, likiwa na nyuzi zilizoshika kutu. Nilitaka kulifunga nyuzi zilezile alizokuwa akizitumia yeye, lakini pakiti hakuacha hata moja. Kitu pekee kilichobaki cha kunielekeza kilikuwa vile vishanga vidogo vya chuma vilivyo mwishoni mwa kila uzi, ambavyo katika gitaa lake vilikuwa na rangi. Nilivifungua kimoja kimoja na kuandika: uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, rangi ya shaba, wa tano, nyekundu, wa nne, fedha, wa tatu, kijani, wa pili, zambarau, wa kwanza, fedha tena.

Nikaanza safari. Jinja nilipita maduka mawili, Iganga moja, kisha nikapanda taksi hadi Kampala, ambako nilitembea kwa miguu siku mbili nikiingia kila duka la vyombo vya muziki nililoelekezwa katikati ya jiji na Wandegeya. Yote kwa jumla yalikuwa maduka tisa. Kila muuzaji nilimuuliza swali moja: je, una nyuzi za kampuni ambayo uzi wake wa nne una kishanga cha rangi ya fedha? Wengi walinitazama kama mtu aliyeomba chumvi ya rangi ya bluu. Watatu walinitolea D'Addario, na kweli rangi zilifanana na za baba, isipokuwa uzi wa nne uliokuwa na kishanga cheusi. Nikawarudishia, nikasema sizo.

Katika duka moja niliuziwa kwa shilingi 15,000 pakiti iliyoandikwa jina hilohilo, muuzaji akiniapia kwamba ni toleo la zamani. Nilipofika nyumbani, rangi ya vishanga ilibanduka kwa ukucha, na uzi wa kwanza ulikatika pale unapojisokota karibu na kishanga kabla haujafika kwenye sauti yake. Sasa nimekwama. Kampuni ya baba ilikuwa ipi?

Mpiga Besi wa Malaba

Pole kwa msiba, kijana. Jambo lenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani. Rangi za vishanga ni za kampuni zote: kijani ni uzi wa tatu, cheusi ni wa nne, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa hiyo mzee alikosea kufunga, labda usiku umeme ulipokatika. Nunua pakiti yoyote yenye rangi, ufunge kwa utaratibu, umalize kazi. Mimi kwenye besi la kanisa nimefunga nyuzi za kampuni tatu tofauti kwa wakati mmoja na hakuna muumini aliyelalamika. Nikiwa hapa, nani anajua wapi naweza kupata nyuzi za besi la nyuzi tano kwa bei ya binadamu?

Mama Kwaya, Arua

Mwanangu, kisa chako kimenikumbusha adungu, kinubi alichokuwa akipiga kaka yangu. Yeye alifunga mshipi wa nailoni, ule wa wavuvi, wa unene tofautitofauti kwa kila uzi. Alipofariki nilikwenda mtoni kuwauliza wavuvi ni mshipi upi, nao wakacheka, wakasema shemeji, mshipi ni mshipi. Nilifunga niliopata, na adungu ikasikika kama imekasirika. Baada ya miezi mingi mwanafunzi wake mmoja aliniambia kwamba kaka alikuwa akiuanika mshipi mpya ukiwa umevutwa kati ya miti miwili kwa siku kadhaa kabla ya kuufunga, ili umalize kurefuka. Nilikuwa nimehangaika kutafuta mshipi, kumbe kilichopotea kilikuwa tabia yake. Sijui kama kwako ni hivyo, ila baba yako hakuonekana kuwa mtu wa kufunga uzi kimakosa.

Fundi wa Magitaa, Mbale

Nianze na ndugu wa Malaba. Si kweli kwamba rangi ni za kampuni zote. Kampuni nyingi huacha vishanga vyote vya shaba tupu, na nyingine zina rangi zao wenyewe. Mpangilio wa shaba, nyekundu, nyeusi, kijani, zambarau na fedha, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, ni wa D'Addario. Kwa hiyo, kijana, wale wauzaji watatu hawakukudanganya. Ulishika mkononi nyuzi za baba yako mara tatu na mara tatu ukazirudisha.

Ila naomba unijibu mambo mawili kabla sijaendelea. Uzi wa nne uliotoa, je, umezungushiwa waya kama ule wa tano na wa sita, au ni waya laini mtupu kama wa kwanza? Na pale juu ya shingo, karibu na funguo za kukazia, kwenye kile kipande chenye mifereji sita, mfereji wa uzi wa nne ulikuwa na kitu chochote ndani yake?

Kijana wa Walukuba (Jinja)

Mwalimu, uzi wa nne ni laini, mwembamba kabisa. Nilidhani kampuni hiyo ndivyo inavyotengeneza. Na kwenye mfereji kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi ngumu kilichogandishwa kwa gundi. Nilidhani ni uchafu, nikakikwangua kwa wembe.

Mzee wa Bombo

Ngoja hapo, mjukuu wangu. Baba yako alikuwa akipiga gitaa lipi katika bendi? La sauti za mbele, la kuitikia, au lile la katikati?

Kijana wa Walukuba (Jinja)

Shikamoo, babu. Mama anasema alikuwa wa katikati. Anasema wenzake walimwita "mi-solo", nami nilidhani ni jina la utani tu.

Mzee wa Bombo

Marahaba. Basi kampuni si tatizo tena. Enzi zangu za jeshi tulicheza sana muziki wa bendi zilizofuata mtindo wa Wakongo, na mpigaji wa katikati alikuwa na gitaa ambalo ukilichukua wewe usiyejua, vidole vinapotea. Wao waliita mi-kompoze. Fundi ataeleza vizuri zaidi, mimi nilikuwa wa kucheza tu, si wa kupiga.

Fundi wa Magitaa, Mbale

Mzee amepiga penyewe. Katika mi-kompoze, mpigaji huondoa uzi wa nne wa kawaida, ule wa re, na mahali pake hufunga uzi mwembamba anaoukaza hadi re ya juu, yaani oktava moja zaidi. Re hiyo iko chini ya mi ya uzi wa kwanza kwa hatua moja tu, ndiyo maana uzi unaofaa kazi hiyo ni uzi wa kwanza mwingine. Sasa kishanga cha fedha katika nafasi ya nne kinaeleweka: baba yako alinunua pakiti ya D'Addario, akaweka kando uzi wenye kishanga cheusi, na kufunga uzi wa kwanza kutoka pakiti ya pili. Tafuta katika sanduku lake la vifaa. Ukikuta nyuzi nene zenye kishanga cheusi ambazo hazijawahi kufungwa, utakuwa umepata ushahidi.

Karatasi uliyoikwangua haikuwa uchafu. Mfereji wa nne ulichongwa kwa uzi mnene, na uzi mwembamba ukilala humo hucheza na kutoa mlio wa kukwaruza, au hushuka mno ukagusa chuma cha kwanza cha shingo. Mzee aliujaza mfereji ili uzi ukae sawa. Itabidi uurudishe. Mimi hutumia unga wa mfupa na gundi kali, kisha nachonga mfereji mpya mwembamba, lakini karatasi ngumu iliyokunjwa inatosha kwa kuanzia.

Kuhusu pakiti ya shilingi 15,000, hiyo ni bandia, na alama umezitaja mwenyewe: rangi inayobanduka na msokoto dhaifu wa uzi wa kwanza. Zipo pia bandia zenye rangi imara, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Ukishazifunga, piga uzi ukiwa wazi, kisha uubonyeze kwenye chuma cha kumi na mbili na uupige tena. Sauti ya pili inapaswa kuwa oktava kamili. Kama nyuzi nyingine ziko sawa na uzi mmoja mpya unakataa, kasoro iko kwenye uzi huo, kwa kawaida kwa sababu unene wake haulingani toka mwanzo hadi mwisho.

Kijana wa Walukuba (Jinja)

Nimerudi. Sandukuni, chini ya kitambaa, nimekuta nyuzi kumi na moja zenye kishanga cheusi, kila moja imeviringishwa na kufungwa kwa uzi wa kushonea. Mama alikuwa anajua zipo, akafikiri ni za akiba. Nimekaa nazo muda mrefu kabla ya kuandika hapa.

Leo nimerudi Kampala kwenye duka mojawapo la wale watatu. Muuzaji alinikumbuka na kuniuliza kama nimepata kishanga changu cha fedha. Kabla sijanunua, amenitolea aina mbili: pakiti inayoanzia unene wa 10 na inayoanzia 11. Baba alitumia ipi?

Mpiga Besi wa Malaba

Chukua 10, kila mtu anatumia 10. Na nakiri kuhusu rangi nilikuwa nimekosea, ingawa kwa kampuni hii nilikuwa sahihi.

Fundi wa Magitaa, Mbale

Usikisie. Fundi wa mashine yeyote hapo Jinja ana kipimo cha maikromita. Uzi wa 10 ni takriban milimita 0.25, na wa 11 ni 0.28. Pima uzi wa nne kwanza, kwa sababu huo ndio aliouchagua kwa makusudi. Uzi wa 10 ukikazwa hadi re badala ya mi hulegea kwa karibu moja ya tano ya mvuto wake. Wa 11 ukiwa kwenye re huwa na mvuto unaokaribia ule wa 10 kwenye mi, kwa hiyo wapo wanaochanganya pakiti mbili ili vidole visihisi tofauti.

Kijana wa Walukuba (Jinja)

Nimepima kwa fundi wa kuchonga vyuma. Uzi wa kwanza umesoma 0.25. Wa nne umesoma 0.27.

Fundi wa Magitaa, Mbale

Kutu huongeza unene mahali fulani na kuula mahali pengine. Ungepima ile sehemu iliyokuwa imezungushwa kwenye ufunguo, ambayo jasho la vidole halikuifikia.

Kijana wa Walukuba (Jinja)

Sehemu hiyo niliikata na kuitupa siku ya kwanza, Mwalimu. Nimenunua pakiti mbili, ya 10 na ya 11. Kesho nitakata karatasi ya kujazia mfereji, nianze na 11 kwenye nafasi ya nne, na mama amesema atakaa pembeni asikilize.