Waliokutana na wauza "mechi za fiksi", tupeane uzoefu

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, habari za jioni. Kijana wa dada yangu kalipa 60,000 ya "VIP" kwa jamaa wa WhatsApp anayeuza mechi zilizopangwa. Akapewa mechi ya Jumamosi, mkeka ukachanika. Sasa anaambiwa aongeze 40,000 ya "bima" ili apewe ya kufidia. Nimemwambia huyo ni tapeli, ananijibu, "Mjomba, mtu huyu alinipa mechi tatu za bure na zote zikatiki kabla sijamlipa hata shilingi." Hapo nikakosa jibu. Mwongo anapatiaje mara tatu mfululizo? Mliopita huko semeni.

Kobe wa Pwani:
Hizo tatu za bure ndiyo chambo chenyewe. Nakaa hapa nisome.

Fundi Rangi:
Umenikumbusha shemeji yangu. Tapeli wake alikuwa mzungu wa Italia, kwenye picha kavaa suti, meza imejaa dola. Anajiita Don sijui nani. Kiswahili chake sasa, kama kazaliwa Mbagala! Siku ya kutuma hela, kwenye simu likatokea jina la mama mmoja wa Kisukuma. Shemeji akauliza, akajibiwa huyo ni "wakala wetu wa Afrika Mashariki". Akatuma. Nilichoka.
Ukweli ni kwamba mechi za kupanga hazipo kabisa duniani, ni hadithi za vijiweni. Mwambie hivyo kijana.

Mzee wa Takwimu:
Fundi, hapo kwenye picha na jina la namba nakubaliana nawe. Hapo mwisho, hapana. Zipo. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz ya Kenya kwa kupanga mechi, mmoja wao maisha. Ukimwambia kijana hazipo, atakuonyesha habari hiyo na hatakusikiliza tena.
Mwulize hivi: aliyelipa wachezaji ili wafungwe, kwa nini akuuzie wewe siri kwa 60,000? Faida yake yote iko kwenye odi. Watu wakianza kumimina hela upande mmoja, odi inashuka, na kampuni ikishtuka inaifunga ile mechi. Kila anayeambiwa anampunguzia yeye ulaji. Siri ya namna hiyo haitangazwi kwa watu elfu mbili.

Msukuma Kweli:
Kwani jina la Kisukuma limefanya nini? Tapeli ni tapeli, acheni kutuchafua.

Fundi Rangi:
Mkuu, mimi mwenyewe mke wangu ni wa Shinyanga. Tuliza boli.

Bwashee 07:
Mwalimu, swali lako nalijua jibu lake kwa sababu nimefanya hiyo kazi. Nilikuwa nashika simu za jamaa mmoja, analipa kwa wiki.
Tunaanza na watu kama 720. Kila mmoja tunamwambia, "nisevu kwanza ndipo nikutumie." Sababu ni kwamba ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp haumfikii mtu ambaye hajaisevu namba yako, na orodha moja mwisho watu 256. Basi tunawagawa orodha tatu, 240 kila moja. Orodha ya kwanza inaambiwa mwenyeji anashinda, ya pili sare, ya tatu mgeni. Mechi ni ileile moja.
Mpira ukiisha, kuna watu 240 waliopatiwa kweli. Wale 480 tunawaacha, baadaye wanatafutwa kwa laini nyingine na jina jingine. Hao 240 tunawagawa tena, 80 kila upande. Mechi ya tatu tena hivyohivyo, wanabaki 26 au 27. Hao sasa wameona mechi tatu zimetiki kwa macho yao, na hawajui kwamba kuna wenzao mia saba kasoro waliokosa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo VIP ni 60,000, anakuuliza, "Nitume namba ipi?" Wote wakilipa ni zaidi ya milioni moja na nusu, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyepewa soda.
Baada ya hapo mechi yoyote tu. Ikitiki unamwongezea bei, isipotiki unaleta hadithi: refa kabadilishwa, kipa kagoma, lipa bima. Nilikuwa na majibu yameandikwa tayari kwenye daftari. Tulipenda mtu aliyeliwa tayari kuliko mpya, maana huyo anatafuta kurudisha hela yake.

Mama Chapati:
Na wewe unaandika hapa bila haya? Mwizi mkubwa.

Bwashee 07:
Mama, mimi nilikuwa nalipwa mshahara, hela hazikuja kwangu. Mwalimu kauliza, nimejibu.

Mama Chapati:
Hata anayeshika gunia mwizi akijaza ni mwizi.

Kobe wa Pwani:
Mama yuko sahihi, lakini mwacheni aendelee. Bwashee, na wale wa "skoa kamili" Telegram? Wanaonyesha ujumbe ulioandikwa kabla ya mechi, saa inaonekana kabisa.

Bwashee 07:
Chaneli nyingi zilizofichwa. Hii 1-0, hii 2-1, hii 1-1. Iliyopatia inafunguliwa, nyingine zinafutwa. Saa ni ya kweli.

Mzee wa Takwimu:
Ndiyo mchezo uliofanyika Twitter fainali ya Kombe la Dunia 2014. Akaunti moja ilionekana imetabiri kwamba Götze angefunga dakika za nyongeza. Ilikuwa imeandika kila aina ya utabiri, ikafuta uliokosea. Dunia nzima ikashangaa.
Na skrinishoti za mikeka, kokotoeni. Dau 20,000, odi 45, ni 900,000. Tiketi ikionyesha kalipwa 900,000 kamili, kodi ya ushindi imekwenda wapi? Kisha omba namba ya tiketi uiangalie mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Daima wameifunika kwa kidole au rangi.

Dogo Janja wa Tabata:
Mimi wangu hanidai hata mia. VIP bure, sharti ujisajili kwa promo code yake. Huyo si tapeli.

Mzee wa Takwimu:
Dogo, mawakala wengi wa aina hiyo hulipwa asilimia ya hela unayopoteza. Ukishinda, yeye hapati kitu. Sasa fikiria anakutakia nini.

Dogo Janja wa Tabata:
Mbona jana kanipa mbili zimetiki?

Mama Chapati:
Haya.

Otieno wa Kisumu:
Huku kwetu wanaitisha hadi nywila ya akaunti ati wakubetie. Wueh! Ukimpa amekuondoa. Na akikosa ataanza kutisha kwamba "kundi la Singapore" linajua unapoishi. Kaka yangu alihama nyumba kwa uoga. Namba ya tapeli tuma kwa 333 kama uko Safaricom.

Fundi Rangi:
Tanzania ni 15040. Lakini dawa ni kuacha kubeti tu.

Kobe wa Pwani:
Aache kubeti? Anione mimi, nabeti miaka yote kwa akili yangu na sijawahi kununua mkeka.

Mama Chapati:
Na umejenga?

Kobe wa Pwani:
Mama!

Mwalimu wa Zamu:
Nimemsomea kijana maelezo ya Bwashee. Kanyamaza, kisha akakubali tujaribu: kamwandikia jamaa kwa laini yangu kama mteja mpya. Mechi ya kesho kaambiwa mgeni anashinda. Kwenye laini yake mwenyewe, mechi hiyohiyo, kaambiwa sare. Hiyo 40,000 haitumi tena. Ile 60,000 je, inarudi?

Otieno wa Kisumu:
Kwetu unatuma ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla hajatoa. Ni ya lini?

Mwalimu wa Zamu:
Jumatano iliyopita.

Bwashee 07:
Tulikuwa tunatoa ndani ya dakika kumi.